Matone ya glaukoma: tuliyojifunza kwa macho ya Mama

Mama alikwenda kliniki ya macho hapa Tanga kutafuta miwani ya kusomea msahafu. Hakuwa na maumivu, macho hayakuwa mekundu, na aliamini tatizo lake ni uzee tu. Wakampima presha ya macho. Jicho la kulia lilisoma 34 na la kushoto 29, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari akachungulia nyuma ya jicho, akampeleka kwenye kipimo cha upana wa kuona, ile mashine ya kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga, kisha akatuita wote wawili ndani. Ilikuwa glaukoma, ugonjwa ambao kwa kawaida presha ya ndani ya jicho huharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Upande wa juu wa jicho la kulia tayari ulikuwa na eneo ambalo Mama halioni, na yeye mwenyewe hakuwa akijua.

Nilimuuliza daktari lini jicho litarudi kuona kama zamani. Akasema halitarudi. Mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ukifa, hauoti tena. Kazi ya dawa ni kulinda uhai wa sehemu iliyobaki. Mama alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, nami nilikuwa nimeshika mfuko wa dawa wenye chupa mbili ndogo, nisiyejua kwamba kuzitumia ni kazi ya kujifunza. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo au kesho atashika mfuko kama ule.

Kwanza nieleze dawa zenyewe, kwa sababu bila kuelewa hili Mama alikuwa akiona chupa mbili ni upotevu wa pesa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote, tofauti na machozi, na yanatoka kupitia njia nyembamba sana. Ni kama karo lenye bomba lililo wazi: bomba likimwaga zaidi kuliko mfereji unavyotoa, maji yanapanda, na jichoni presha inapanda hivyo hivyo. Timololi, chupa ya kwanza ya Mama, inapunguza maji yanayotengenezwa, na ni tone moja asubuhi na moja jioni. Latanoprosti, chupa ya pili, inasaidia maji kutoka, na ni tone moja tu usiku. Moja haikai mahali pa nyingine. Ukiishiwa latanoprosti huwezi kufidia kwa kuzidisha timololi.

Kwenye bahasha ya dawa kuliandikwa "1 x 2" na "1 x 1". Mama alisoma ile ya kwanza kuwa ni matone mawili. Maana yake ni tone moja, mara mbili kwa siku, kwa kila jicho. Mfamasia asipofafanua, muulize papo hapo dirishani, hata kama foleni ni ndefu.

Tuliporudi baada ya wiki sita presha ilikuwa 31 na 28. Dawa kama hizo zilitakiwa kushusha zaidi ya hapo. Nilidhani daktari ataongeza chupa ya tatu, na nikaanza kupiga hesabu ya pesa kichwani. Hakuandika dawa. Alituelekeza chumba cha pili kwa nesi mmoja mtu mzima, na yule nesi akasema maneno ambayo nayashukuru mpaka leo: "Mama, hebu tia tone hapa mbele yangu, kama unavyotia nyumbani."

Mama akainua chupa, akaangalia juu kidogo, akakamua. Tone likagonga kope, likateremka shavuni. Akapepesa macho haraka haraka, akafuta kwa ncha ya mtandio, akakamua tone la pili. Lilipoingia, sehemu kubwa ilitoka na machozi ya kupepesa. Nesi hakumgombeza. Alimwambia, "Dawa unainunua mama yangu, lakini inanyweshwa shavu."

Halafu akamfundisha upya, na hivi ndivyo tunavyofanya nyumbani tangu siku ile.

Ananawa mikono kwa sabuni. Analala chali kitandani bila mto, kwa sababu vidole vyake vina ugonjwa wa viungo na shingo haikubali kuinamishwa nyuma kwa muda. Mwenye shingo nzima anaweza kukaa kwenye kiti na kuangalia dari. Kwa kidole cha mkono mmoja anavuta kope ya chini kwenda chini taratibu mpaka inajitokeza nafasi kama kifuko kati ya kope na jicho. Tone linaingia humo, si katikati ya mboni. Ukilenga mboni jicho litafumba lenyewe. Mkono wenye chupa anauegemeza kwenye paji la uso ili usitetemeke. Ncha ya chupa inakaa juu ya jicho bila kugusa kope wala ngozi, maana ikigusa, vijidudu vinaingia kwenye chupa na kesho unajitia mwenyewe uchafu. Anatazama juu, mbali na chupa, anakamua tone moja.

Moja tu. Hili lilikuwa gumu kwa Mama, kwa sababu aliona matone mawili ni uhakika zaidi. Nesi alimweleza kwamba tone moja la chupa tayari ni kubwa kuliko nafasi ya jicho. Tone la pili likifuata papo hapo linasukuma la kwanza nje, na yote mawili yanaishia shavuni. Kwa hiyo ukiona unyevu kidogo unatoka baada ya tone kuingia, usihangaike. Lakini kama hukuhisi chochote jichoni na tone zima limeteremka usoni, hilo halikuingia. Tia jingine hapo hapo. Sisi tunaweka chupa kwenye friji, na ubaridi wake unasaidia: tone likitua jichoni Mama analisikia.

Baada ya tone ndipo inakuja sehemu ambayo hakuna mtu aliyekuwa ametuambia. Mama anafumba macho polepole bila kuyakaza na bila kupepesa. Anaweka ncha ya kidole kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua, anabonyeza kwa nguvu ya wastani, na anakaa hivyo dakika mbili hadi tatu. Pale kwenye pembe kuna tundu dogo linalopeleka machozi puani. Usipolibana, dawa inafuata njia hiyo hiyo, inafika kooni, kisha inaingia kwenye damu. Nesi alimuuliza Mama, "Unasikia uchungu kooni baada ya kutia?" Mama akashangaa, akasema ndiyo, kila siku. Uchungu ule ni alama kwamba dawa imekimbia jichoni.

Na kwa timololi kukimbia huko si suala la ladha tu. Ikiingia kwenye damu inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua. Ndiyo maana mwenye pumu, au mwenye moyo unaopiga polepole, lazima aseme kabla hajaandikiwa dawa hii, hata kama daktari anaonekana ana haraka. Wengi hawasemi kwa kuwa wanafikiri dawa ya macho inabaki machoni. Ukianza kutumia halafu ukapata kifua kubana, kupumua kwa mlio au kizunguzungu kisicho cha kawaida, rudi hospitali mapema. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa asiyeweza kabisa kuvuta kope, kwa mfano mtoto au mzee mwenye mikono inayotetemeka sana, nesi alituonyesha njia nyingine. Mgonjwa analala chali, anafumba macho, tone linawekwa kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua, kisha anafumbua macho bila kugeuza kichwa, na dawa inaingia yenyewe.

Kuna jambo la chupa pia. Baadhi ya chupa zinakuja hazijatobolewa, na kofia ina mwiba ndani. Unaikaza mpaka mwisho, mwiba unatoboa tundu la kipimo sahihi. Jirani yetu alitoboa ya kwake kwa sindano ya kushonea. Tundu likawa kubwa, kila tone likawa zito, na dawa ya mwezi ikaisha mapema.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kila familia iijue. Chupa ya latanoprosti ya mililita 2.5 inatoa matone yapatayo 80. Macho mawili kwa usiku 30 yanahitaji 60. Kwa hiyo una ziada ndogo ya kukosea. Ukiwa unatia mawili mawili unatumia manne kila usiku, na chupa inakauka baada ya siku 20 hivi, halafu unakaa bila dawa mpaka pesa ipatikane. Mama alikuwa hapo hasa. Tulikuwa tukilalamika dawa ni ghali, na kweli si rahisi, lakini kiasi kikubwa cha gharama yetu kilikuwa kimefutwa kwa mtandio.

Kuhusu muda, tulitafuta njia ambayo Mama hatahitaji kukumbuka saa. Timololi tuliiweka baada ya sala ya alfajiri na baada ya magharibi, ambazo zimepishana karibu saa kumi na mbili. Latanoprosti ikawekwa baada ya isha. Nasisitiza baada, kwa sababu mwanzoni alikuwa anatia dawa kisha anakwenda kutawadha, na maji ya udhu yalikuwa yanasafisha uso pamoja na dawa. Asiyeswali anaweza kufunga dawa na chai ya asubuhi na taarifa ya habari ya usiku. La muhimu ni tendo ambalo halikosekani. Na kama umeandikiwa dawa mbili za muda mmoja, acha zipishane dakika tano kwa uchache, vinginevyo ya pili inaosha ya kwanza. Chupa ya usiku tumeifunga mpira shingoni ili aitambue kwa kuigusa, hata umeme ukikatika.

Mwezi wa Ramadhani tulibadilisha kidogo. Tone la alfajiri linatiwa wakati wa daku, la jioni baada ya kufuturu. Wanazuoni wametofautiana kama tone la jicho linafunguza, na Mama alitaka moyo wake utulie, basi alimuuliza shehe wake na tukamjulisha daktari ratiba hiyo. Ninachoomba ni kwamba mtu asiache dawa mwezi mzima kimyakimya wakati upo mpango unaokidhi yote mawili.

Kliniki iliyofuata presha ilikuwa 19 na 17. Dawa zilikuwa zile zile, chupa zile zile. Kilichobadilika ni mkono.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, lakini sehemu ngumu zaidi ilikuwa mbele. Ubaya wa glaukoma ya aina hii ni kwamba dawa haikupi kitu cha kuhisi. Presha ikipanda jicho haliumi, ikishuka huoni vizuri zaidi. Dawa ya malaria unaiona inafanya kazi. Hii unaitia kila siku na kitu pekee unachokiona ni chupa kupungua. Tena latanoprosti ilimwekea Mama wekundu wa macho wiki za mwanzo. Mabinti wa mtaani wakamwambia dawa inamuunguza. Jirani mmoja akamletea matone aliyobakiza, yenye deksamethasoni, akasema yanaondoa wekundu. Nashukuru nilisoma kichupa kabla hajatia. Dawa za jamii hiyo zinaondoa wekundu kweli, lakini zenyewe zinaweza kupandisha presha ya jicho. Mwenye glaukoma asitie tone lolote ambalo daktari wake wa macho halijui. Wekundu wa latanoprosti mara nyingi hupungua kadiri jicho linavyozoea, na nywele za kope kurefuka au ngozi ya kuzunguka jicho kuwa nyeusi kidogo ni mambo yanayojulikana. Yaeleze kliniki, usiache dawa peke yako.

Kisha ukaja msiba wa ndugu yake Lushoto. Mama aliondoka haraka, dawa ikabaki kwenye friji. Alipokuwa kule hakuhisi tofauti yoyote, na hapo ndipo hatari ilipoingia: alihitimisha kwamba siku chache bila dawa hazina neno. Aliporudi akaanza kuruka. Akichoka anaruka, akiwa na wageni anaruka, chupa ikiisha anangoja. Lakini wiki ya kwenda kliniki alitia bila kukosa, kwa heshima ya daktari.

Presha siku hiyo ilisoma 18 na 16. Vizuri kabisa. Ila kipimo cha upana wa kuona kilionyesha kwamba lile eneo la kulia limetanuka, na la kushoto limeanza kuwa na doa. Daktari aliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akamwambia Mama kwa upole sana kwamba kipimo cha presha na cha upana wa kuona havikubaliani, na kabla hajafikiria upasuaji anataka kujua siku za katikati zilikuwaje. Mama alinyamaza, kisha akasema ukweli wote.

Daktari akaeleza. Kipimo cha presha kinasema habari ya siku ile tu. Timololi na latanoprosti zikitiwa siku chache mfululizo zinashusha presha, na kliniki itaona namba nzuri. Lakini dawa ikikatwa presha inarudi kupanda, na mshipa wa jicho unaumia kila siku hiyo ya kupanda, iwe mgonjwa amehisi au hakuhisi. Kinachopotea katika siku hizo hakifidiwi na siku ambazo umetia vizuri. Na ukimficha daktari, yeye ataona dawa imeshindwa, ataongeza nyingine au atakupeleka kwenye kisu, wakati dawa haikupewa nafasi. Yule aliyesema ukweli alibaki na chupa zake mbili.

Tuliuliza pia afanye nini akisahau mara moja, kwa kuwa kusahau kupo. Kwa timololi, akikumbuka mapema, tuseme saa nne asubuhi badala ya alfajiri, atie hapo hapo. Akikumbuka jioni karibu na wakati wa tone jingine, aachane na lile lililopita. Asitie maradufu. Kwa latanoprosti, usiku ukipita, anaendelea na tone la usiku unaofuata kama kawaida. Dawa hii haitakiwi kuzidi mara moja kwa siku. Ikizidishwa inaweza kupunguza nguvu yake ya kushusha presha. Hizi ni dawa mbili tu, na zipo nyingine nyingi, basi wewe uliza kwa jina la ile uliyopewa.

Mambo tuliyobadilisha baada ya siku ile ni madogo. Kalenda ya ukutani inawekwa alama kwa kila tone, na Mama anakwenda nayo kliniki yenye mapengo yake bila kuyaziba. Chupa mpya inanunuliwa ile ya zamani ikiwa imebaki wiki moja, na siku ya kufunguliwa inaandikwa juu yake kwa kalamu, kwa sababu latanoprosti ikishafunguliwa inafaa wiki sita na timololi kwa kawaida wiki nne, hata kama imebaki. Latanoprosti isiyofunguliwa kwa kawaida inataka friji, isipokuwa boksi liseme vingine; ikishafunguliwa inaweza kukaa nje kama joto halizidi nyuzi 25, na joto la Tanga linazidi, ndiyo maana yetu hairudi kabatini. Isiingie sehemu ya barafu. Akisafiri, chupa zinakwenda kwenye mkoba wa mkononi, haziachwi kwenye gari wala kwenye begi lililo juu ya paa la basi. Na kila nyumba ya ndugu anayoweza kulala, yupo mtu mmoja aliyeonyeshwa namna ya kumtilia.

Tangu hapo eneo asiloliona halijaongezeka. Lililokwenda halikurudi, akivuka barabara anageuza kichwa chote, na ngazi tumezipaka rangi nyeupe ukingoni.

Daktari alitupa agizo la mwisho ambalo lilituhusu sisi wanawe. Ugonjwa huu unafuata damu, na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko watu wengine. Tumepimwa wote. Kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kulalamika macho, alikutwa na presha 26 na mshipa umeanza kuliwa. Ameshaanza latanoprosti, na aliyemfundisha kubana pembe ya jicho ni Mama.